Vazi limelegea, kulabu zimeota kutu: kosa ni la bahari au la bwawa?

"Naishi Kisauni. Daktari aliniambia niogelee kwa ajili ya mgongo, basi Jumanne na Alhamisi naenda bwawa la hoteli moja Nyali, na Jumapili asubuhi naingia baharini na watoto. Navaa vazi la kufunika mwili, na ndani yake sidiria yangu ya kawaida ya waya. Miezi minne tu, vazi limelegea makalioni na magotini na weusi umegeuka hudhurungi. Sidiria mbili zimeota kutu kwenye kulabu na kuacha madoa, na moja waya umetoka ukanichoma. Nafua kwa maji ya kisima na sabuni ya unga, na robo kikombe cha jiki kwenye beseni ili kuua harufu ya bwawa, kisha naanika juani. Mwenye duka aniambia ni chumvi ya bahari, niache bahari. Ni kweli? Na nguo hizi zaweza kuokolewa?"

Dada yangu, bahari usiiache. Katika yote uliyoyataja, bahari ndiyo iliyokudhuru kidogo zaidi, na hata hilo dogo linatokana na chumvi kuachwa ikakaukia kwenye nguo. Kilicholegeza vazi lako ni klorini, na klorini iliyo nyingi haikutoka bwawani. Ilitoka kwenye beseni lako.

Nitaanza na kitambaa chenyewe, maana ukishajua kinavyofanya kazi, mengine utayapanga mwenyewe. Geuza vazi lako utafute lebo ndani ya mshono wa ubavuni. Utakuta majina mawili. La kwanza ni poliesta au nailoni, ambayo lebo nyingine huiita poliamidi, na huo ndio uzi mwingi unaobeba umbo na rangi. La pili ni elastani, ile ambayo wauzaji wa Kongowea huiita laikra. Mara nyingi elastani haizidi sehemu moja ya tano ya kitambaa, lakini ndiyo inayokishika mwilini. Uzi wake mmoja ukivutwa peke yake hufika mara tano ya urefu wake, na ukiachiliwa unarudi. Hurudi kwa sababu umejengwa kwa vipande vya aina mbili vinavyopokezana: vipande laini vilivyojikunja, ambavyo hunyooka unapovuta, na vipande vigumu vilivyoshikana kama mafundo, ambavyo huvirejesha vile laini mahali pake.

Klorini huukata mnyororo huo. Haiukati kwa siku moja. Kila mara ikipata nafasi ya kukaa ndani ya kitambaa, hukata vipande kadhaa, na vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyokatika. Ndiyo maana nguo huonekana nzima kwa miezi miwili au mitatu kisha ikalegea kwa ghafla, na hulegea kwanza pale panapovutwa zaidi, makalioni na magotini, kama lako. Klorini hiyo hiyo huvunja rangi, na weusi ukivunjika huwa hudhurungi au kijani kilichofifia. Chumvi peke yake haigeuzi weusi kuwa hudhurungi hivyo. Rangi ya vazi lako ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba mwenye duka alikosea.

Sasa tupime. Bwawa linalotunzwa vizuri huwa na klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji. Dawa ya kung'arishia, ile tunayoiita jiki bila kujali chapa, huwa na takriban gramu 35 kwa lita ikiwa bado kwenye chupa. Robo kikombe ni kama mililita 50. Ukiimimina katika beseni la lita 10, umepata maji yenye klorini ya miligramu 175 kwa lita. Linganisha na ile 3 ya bwawa. Kila Jumanne na Alhamisi jioni ulilitoa vazi kwenye bwawa hafifu ukaliingiza katika bwawa lililo kali zaidi ya mara hamsini. Hakuna elastani inayostahimili hilo kwa miezi minne.

Najua ulivyofikiri, na wateja wangu wengi hufikiri hivyo: nguo inanuka bwawa, basi ina uchafu, na uchafu huuliwa na jiki. Lakini ile harufu kali haitokani na uchafu unaoomba jiki. Ni klorini iliyokutana na jasho na mikojo ya waogeleaji ikageuka kuwa kitu kingine chenye harufu, na ukiongeza jiki umeongeza chanzo chake. Harufu ile hutolewa kwa kusuuza. Ikigoma baada ya kusuuza mara mbili, chukua robo ya kidonge cha vitamini C cha miligramu 1,000, kile cheupe cha kumeza, kisage, kiyeyushe katika lita mbili za maji na uloweke vazi dakika kumi. Vitamini C huituliza klorini papo hapo, na kwa kiasi kinachobaki kwenye vazi, robo hiyo inatosha na kuzidi. Usitumie vile vya kuchemka kwenye glasi, vina rangi ya machungwa. Ila nasema wazi kwamba ukisuuza mapema, siku nyingi hutahitaji hata hicho kidonge.

Kuna dhana nyingine naisikia sana Nyali na Diani, kwamba bwawa la maji ya chumvi halina klorini, kwa hiyo nguo iko salama. Bwawa la namna hiyo lina mashine inayopitisha umeme katika maji yenye chumvi na kutengeneza klorini humo humo. Klorini ipo, na chumvi juu yake. Lichukulie kama bwawa jingine lolote.

Tuje kwenye chumvi, kwa sababu ingawa haikulegeza vazi, ndiyo iliyokula kulabu zako. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Vazi la kufunika mwili, lenye suruali, kanzu fupi na kofia, hubeba maji mengi kuliko vazi dogo. Hata ukilikamua kidogo hutoka ufukweni na kama nusu lita. Hiyo ni gramu 17 za chumvi na ushei, karibu vijiko vitatu vya chai. Likikauka hivyo, maji huondoka na chumvi hubaki kama punje ndogo ngumu katikati ya nyuzi, na kila ukikaa au kutembea punje zile husugua.

Kibaya zaidi kwetu hapa Mombasa ni hewa. Umeona chumvi ya mezani inavyoshikana, mpaka watu huitia punje za mchele? Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huvuta maji hewani na kuanza kuyeyuka yenyewe, na pwani hewa hufika hapo usiku mwingi na alfajiri. Kwa hiyo nguo yenye chumvi hata ikikauka saa nane mchana, usiku inalowa tena ndani ya kabati. Inatoa harufu ya ukungu, na kulabu inaoga maji ya chumvi kila usiku bila wewe kuingia baharini.

Hapo ndipo maji yako ya kisima yanapoingia. Visima vingi vya kisiwani na pande za Kisauni vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na maji yake huwa na chumvi na chokaa. Sijaonja ya kwako, lakini unaweza kuyapima bila gharama. Tia kijiko kimoja cha maji hayo kwenye kioo safi au sufuria nyeusi uache yakauke juani. Yakiacha unga mweupe unaoonekana wazi, hayo si maji ya kusuuzia mara ya mwisho. Tuseme yana gramu 5 kwa lita. Hata ukisuuza mara kumi, vazi lenye nusu lita ya maji hayo litakauka na gramu mbili na nusu za chumvi. Haliwezi kuwa safi kuliko maji ya mwisho yaliyoligusa.

Hilo halina maana kwamba umalize mtungi mzima wa maji matamu, na najua bei ya mtungi wa mkokoteni siku mfereji umekatika. Suuza kwanza kwa lita tano za maji ya kisima, ukamue kwa kubana, kisha lita tano za maji matamu. Nimekupigia hesabu: zile gramu 17 na nusu zinashuka hadi karibu 4 kwa maji ya kisima, kisha hadi kama theluthi ya gramu kwa maji matamu. Robo ya mtungi wa lita 20 imetosha kazi. Maji hayo matamu ukimaliza nayo, deki sakafu.

Sasa kulabu. Kulabu ya sidiria ni kipande cha waya wa chuma kilichopakwa nailoni au rangi, chenyewe na kile kijicho chake. Maadamu ngozi hiyo haijakwaruzika, hukaa miaka. Ikikwaruzika mahali padogo tu, chumvi na klorini hupenya, na kutu hutambaa chini ya ngozi mpaka inabanduka. Na kinachokwaruza mara nyingi ni kufuliwa kulabu zikiwa wazi, zikinasa kwenye zipu, kwenye leso, kwenye kamba za sidiria nyingine. Zifunge kabla ya kulowesha, kila mara. Na sidiria ya waya usiingie nayo majini tena. Hiyo ndiyo sehemu ya swali lako iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu sidiria hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo na ulizilipia pesa. Ndani ya vazi la kuogelea vaa ile ya michezo ya kuvuta kichwani, isiyo na waya wala kulabu, au mwambie fundi akushonee kitambaa cha kushikilia kifua ndani ya vazi lenyewe. Chuma kikikosekana, kutu haina pa kuanzia.

Madoa ya kutu yaliyokwisha kuingia usiyaguse kwa jiki. Jiki huyakoleza na kuyashikiza. Kamulia ndimu juu ya doa, acha dakika kumi na tano kivulini, suuza vizuri, rudia siku nyingine ikiwa doa limepungua tu. Kwenye rangi nyeusi au nyekundu jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Tafadhali, siku unayotumia ndimu au siki, jiki isiwe karibu na beseni hilo wala kwenye nguo hiyo, kwa sababu vikikutana hutoa hewa ya klorini inayounguza koo na mapafu, na vyoo na bafu zetu nyingi ni ndogo na hazina dirisha la maana. Kulabu iliyokwisha kuota kutu haiponi. Itaendelea kutia doa. Kata kipande chote cha kulabu na kile cha macho, ushone vipya. Huuzwa kama vipande vilivyo tayari, vya safu mbili au tatu za kulabu, na fundi yeyote wa cherehani anaweza kuvishona kwa dakika chache. Kama hupati, chukua kutoka sidiria kuukuu ya mtumba yenye mkanda wa upana huo huo.

Waya una hadithi yake. Wengi hudhani waya umetoka kwa sababu umevunjika au ni mrefu mno. Mara nyingi waya ni mzima kabisa, kilichoharibika ni njia yake, ule mfereji wa kitambaa kigumu ulioshonwa chini ya kikombe na kufungwa ncha zote mbili kwa mishono michache iliyosongamana. Unapokamua sidiria kwa kuisokota kama tambara la deki, waya hupinda, na ukipinda ncha yake husukuma ule mfungo. Mashine hufanya vivyo hivyo kwa kuzungusha kwa kasi. Mfungo hulegea uzi mmoja mmoja, mpaka siku moja ncha inachungulia chini ya kwapa. Uligusa lini mara ya mwisho ncha za mfereji wa sidiria zako? Zibonyeze kwa kidole kabla ya kufua. Ukihisi ncha ya waya iko karibu sana na ngozi ya kitambaa, au kitambaa kimekuwa chembamba hapo, huo ndio wakati wa kushona, kabla hakijatoboka.

Hiyo yako iliyotoka, itazame ncha. Ikiwa bado ina kile kikofia cha plastiki au rangi yake haijabanduka, irudishe ndani polepole, kisha chukua uzi wa poliesta mara mbili na sindano nyembamba, ukishona kwenda na kurudi mahali pale pale mara nane hadi kumi, ukipitisha sindano katika tabaka zote. Juu yake weka kipande kidogo cha utepe mnene ukizungushie mishono. Usitumie uzi wa pamba, utaoza kwa jasho. Ikiwa ncha ni kali na kikofia kimepotea, usiirudishe hivyo hivyo, itatoboa tena ndani ya wiki. Na ikiwa waya umevunjika, toa wote wawili, wa kulia na wa kushoto, maana ukitoa mmoja tu kifua kitaegemea upande mmoja. Sidiria ile bado itakufaa nyumbani bila waya.

Usafi wenyewe hauna mambo mengi. Kwa vazi la kuogelea kazi huanza kabla ya kuogelea: simama chini ya bafu la bwawa uliloweshe kwa maji safi. Kitambaa kilichokwisha kunywa maji safi hunywa machache ya bwawa. Hakizuii klorini yote, lakini kinapunguza. Ukitoka, oga ukiwa bado umelivaa, geuza maji yapite ndani na nje kwa dakika mbili tatu. Kisha lizungushe ndani ya taulo, ulibane, ulibebe hivyo. Lile jambo la kulitia bichi kwenye mfuko wa plastiki na kuliacha nyuma ya gari mpaka jioni ni baya sana, kwa sababu joto huharakisha klorini kazi yake. Kwa sababu hiyo hiyo, nyumbani usifulie maji yanayotoka kwenye tangi la paa saa nane mchana. Yaache yapoe kwenye ndoo mpaka ukiweka mkono usihisi joto.

Sabuni, tumia ya maji isiyo kali, au shampuu ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kwa lita tano. Sabuni ya kipande haifai kwa maji ya kisima, kwa sababu chokaa huigeuza kuwa utando mweupe unaokwama ndani ya nyuzi, nguo ikakauka ngumu kama karatasi. Sabuni ya unga ni kali zaidi kuliko inavyohitajika kwa elastani, na punje zisizoyeyuka hubaki kwenye mishono. Loweka dakika kumi, kumi na tano zikizidi, ukibonyeza kwa viganja. Usisugue kitambaa kwa kitambaa. Usitie dawa ya kulainisha nguo, huacha mafuta yanayozuia nyuzi kukauka vizuri. Sidiria nazo ni hivyo hivyo, kulabu zikiwa zimefungwa. Ukiwa na mashine na umechoka, zitie ndani ya foronya, funga mdomo kwa kamba, chagua mzunguko wa polepole na maji baridi. Si sawa na mkono, lakini ni bora kuliko kuzitupa humo na jinzi.

Chupi za pamba zina uhuru zaidi. Hizo zinaweza sabuni ya unga, na zinafuliwa kila baada ya kuvaliwa mara moja. Jiki kwenye pamba nyeupe haina neno mara moja moja, ila kumbuka kwamba mkanda wa kiunoni si pamba. Chupi nyingi hutupwa mwili wake ukiwa mzima, mkanda ukiwa umekufa.

Kuanika ndiko kunakohitaji busara yetu ya pwani. Wengi wetu hatupendi nguo za ndani zionekane, tunazificha chini ya leso kwenye kamba au tunaanika chumbani nyuma ya mlango. Ya leso naiunga mkono kabisa. Leso ni nyepesi, inapitisha upepo na inazuia jua kali, na jua letu hukausha na kufifisha elastani karibu kama klorini. Sharti ni moja, leso isilale juu ya nguo yenyewe. Funga kamba mbili, leso kamba ya nje, nguo kamba ya ndani, upepo upite kati. Nyuma ya mlango hakuna upepo, na wakati wa masika nguo inaweza kukaa bichi siku mbili na kuota ukungu. Sidiria itundike kwa pale katikati ya vikombe viwili, usiitundike kwa kamba za mabegani, kwa sababu maji yanapoteremka uzito wake huzivuta zikarefuka. Vazi la kuogelea lilaze juu ya kamba mbili au kiti cha nyavu, lisining'inie kwa mabega.

Kuhusu kuokoa: vazi lako, kwa uliyoyaeleza, halirudi. Fanya kipimo hiki ujihakikishie. Lishike mbele ya dirisha, vuta kitambaa cha makalioni kwa mikono miwili, achilia. Ukiona nywele nyeupe fupi zikichomoza, au linabaki na mikunjo kama mawimbi, au mwanga unapita kuliko pale kifuani, elastani imekatika. Kwa vazi la stara hiyo ina maana pia kwamba likilowa litaonyesha. Halifai tena bwawani mbele ya watu. Fundi anaweza kulipunguza pembeni likubane, lakini baada ya wiki chache litalegea tena, kwa hiyo pesa hiyo sikushauri uitoe.

Unaponunua jingine, soma lebo kabla ya bei. Kwa mtu wa bwawa mara mbili kwa wiki, tafuta poliesta iliyochanganywa na PBT, ambayo ni ndugu yake poliesta anayenyumbulika kiasi bila kutegemea elastani. Klorini haiidhuru sana, na hukaa muda mrefu zaidi. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu kidogo mwilini na haikumbatii kama laikra. Baadhi ya wanawake huona inawabana shingoni kwenye kofia, kwa hiyo livae ukiinua mikono na kugeuza kichwa kabla ya kulipa. Ukikosa hiyo, poliesta na elastani ni afadhali kuliko nailoni na elastani, kwa sababu nailoni yenyewe hudhoofishwa na klorini. La nailoni, laini na zuri, liweke kwa Jumapili ya bahari. Ukiweza kuwa na mawili, la bwawa na la bahari, kila moja linapata siku za kupumzika na kukauka hadi ndani ya mishono. Na la mtumba uangalie sana, vuta mkanda wa mguuni karibu na sikio: ukisikia mpasuko mdogo kama majani makavu, mpira umekwisha kabla hujalinunua.

Sidiria mpya ifunge kwenye safu ya kulabu ya nje, iliyo legevu kuliko zote, na iwe inakutosha hapo. Safu za ndani ni za baadaye, mkanda utakapokuwa umelegea. Anayeanza na ya ndani hana pa kwenda baada ya miezi sita.

Mwisho, pale waya ulipokuchoma. Ikiwa ni mkwaruzo, uoshe kwa maji safi na sabuni, usivae sidiria ya waya mpaka mkwaruzo ufunge. Pakivimba, pakiwa na joto au usaha, au ukikumbuka kwamba chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani sana, nenda zahanati, kwa sababu kilichokuchoma ni ncha ya chuma. Upele mwekundu chini ya matiti au kwenye nyonga, unaowasha na kunyevuka, mara nyingi ni fangasi wa unyevu, na nguo kavu pamoja na dawa ya kupaka kutoka kwa mfamasia huutuliza. Usipopungua ndani ya wiki mbili, au ukiwa kwenye chuchu moja tu na ngozi inabanduka, huo si wa fundi wala wa mfamasia, mwone daktari. Muwasho sehemu za siri au uchafu usio wa kawaida baada ya kukaa na vazi bichi ni wa kumwonyesha daktari pia, usiutibu kwa jiki kwenye chupi.

Zile sidiria mbili zipeleke kwa fundi zikiwa zimefuliwa na kukauka, pamoja na ule waya hata kama umepinda. Urefu na mviringo wake ndivyo atakavyopimia mwingine.